Rangi Inayojificha Kisogoni

Karani wa benki anayetaka nywele nyekundu bila kugombana na bosi wake humwomba msusi apake rangi tabaka la chini tu, kisogoni, nywele nyeusi za juu zikilifunika. Kazi kubwa iko kwenye kugawa. Nywele zigawanywe zikiwa kavu, katika mtindo anaokwenda nao kazini, kwa sababu nywele za kipilipili hujikunja zikikauka, na tabaka lililofunika vizuri zikiwa na maji hupanda juu. Msusi huchora mstari kutoka sikio hadi sikio, kisha huacha ukingo wa sentimita 2 hivi shingoni na pembeni bila rangi. Ukingo ukisahauliwa, rangi huchungulia mara tu nywele zinapobanwa juu.

Nywele nyeusi zikipaushwa hupita wekundu, rangi ya machungwa, kisha njano. Kwa nyekundu iliyokolea, machungwa yanatosha. Waridi hafifu hudai njano iliyopauka kabisa, na hapo nywele za kipilipili hukatika ovyo. Mimi singemshauri mtu kufika huko. Nyekundu nayo huchuja kila zinapooshwa, kwa hiyo zikaushwe kabisa kabla ya kuvaa shati jeupe.