LEJANDI YA BUTIKAMPI: NAMNA YA KUISOMA NA NAMNA YA KUIANDIKA



Kila mwaka, wakati finalisti wanamaliza Egzeta na kungoja matokeo, kunapita mapicha katika telefone zetu. Vijana wanacheka mbele ya ordinateri, na chini ya picha kuko maneno machache: «Butikampi ya kodi kwa waliomaliza sekondari. Majuma 12. Bei nafuu. 82 kwa mia ya wanafunzi wetu wamepata mwelekeo. Nafasi ni chache!» Maneno haya ya chini ya picha ndiyo tunaita lejandi. Ni mafupi, lakini juu yake mzazi anauzisha mbuzi. Kwa hiyo tumeona vema kueleza vile inavyotengenezwa, ili finalisti ajue kuisoma, na yule ambaye kesho atafungua mafunzo yake ajue kuiandika bila kudanganya.

Kwanza neno lenyewe. Butikampi si shule ya miaka. Ni mafunzo ya mbio, ya majuma au miezi michache, ya kuandika programu za ordinateri. Kodi hapa haiko ile ya kulipa kwa serikali. Ni maandishi ambayo ordinateri inayafuata. Kwa mwanzo watu wanafundisha HTML na CSS kwa kutengeneza kurasa, kisha JavaScript kwa kuzifanya zitende kazi. Lejandi ya mafunzo kama haya inapashwa kusema mambo matatu: saa, feza, na kazi.

1. Saa

«Majuma 12» haisemi kitu bado. Katika Amerika butikampi nyingi za majuma 12 ni za siku nzima, masaa 40 hivi kwa juma, ndiyo kusema karibu masaa 480. Sasa tuseme kwetu mafunzo yanafanyika siku ya kwanza, ya tatu na ya tano, kutoka saa nane mpaka saa kumi na moja. Hiyo ni masaa 9 kwa juma. Mara 12 inakuwa masaa 108. Majuma ni yale yale, lakini mafunzo ni chini ya robo.

Tena hatujamaliza. Kama ordinateri ni 10 na wanafunzi ni 20, wawili wanakaa kwa mashini moja. Mmoja anaandika, mwingine anaangalia. Kila mmoja anabaki na masaa 54 ya vidole vyake juu ya klavie. Na kama umeme unakatika mara moja kwa juma na somo halirudishwi, yanapotea masaa 36 kati ya 108. Kwa hiyo lejandi nzuri inaandika siku, saa, hesabu ya mashini, na siku ya kurudisha somo lililopotea.

Masaa 108 yanafaa nini? Mwanafunzi mwenye bidii anaweza kumaliza akijua kutengeneza kurasa kadhaa zinazosomeka vizuri kwa telefone, na formulere ambayo mtu anajaza. Hawezi kutengeneza mashini ya hesabu ya banki. Kama lejandi inasema atakuwa «enjenia», hapo kuko uongo.

2. Feza

Neno «bei nafuu» halina namba, na kitu kisicho na namba hakiwezi kulinganishwa. Mzazi anahitaji jumla, si minervali peke yake. Tuchukue mfano: uandikishaji dola 10, na minervali dola 90 kwa transhi 3 za dola 30. Jumla ya kulipa kwa kaseri ni dola 100. Lakini mwanafunzi atakuja siku 36. Kama analipa taksi franka 1.000 kwenda na 1.000 kurudi, hiyo ni franka 72.000 ambazo hakuna mtu ameandika. Tena iko forfe ya mega kwa kufanya mazoezi nyumbani, na sertifika, ambayo mahali pengine inalipishwa siku ya mwisho wakati mtu hana namna ya kukataa.

Swali la kuuliza ni hili: nikiacha katika juma la tatu, transhi yangu inarudi ao inabaki? Jibu liandikwe. Likisemwa tu kwa mdomo, siku ya ugomvi kila mtu atakumbuka lake.

Kuko pia ahadi ya «soma sasa, utalipa ukipata kazi». Inapendeza masikio. Katika Amerika shule ya BloomTech, iliyoitwa kwanza Lambda School, ilifanya vile: aliyepata kazi ya dola zaidi ya 50.000 kwa mwaka alitoa 17 kwa mia ya mshahara kila mwezi, mara 24, ao mpaka kufika dola 30.000. Tupige hesabu kwa mshahara wa 50.000: 17 kwa mia ni 8.500 kwa mwaka, na miaka miwili ni dola 17.000. Shule ilisema hilo si deni. Mwaka 2024 ofisi ya serikali ya Amerika inayolinda wateja katika mambo ya feza ilisema ni deni kabisa, lenye faida ya dola 4.000 hivi kwa wastani, na ikakataza shule ile kukopesha wanafunzi.

3. Kazi

Hapa ndipo penye hatari kubwa, kwa sababu namba inaweza kuwa ya kweli na bado ikadanganya.

Shule ya Flatiron School ya New York ilitangaza kwamba 98,5 kwa mia ya wanafunzi wake walipata kazi, na mshahara wa wastani ni dola 74.447. Mwezi wa 10 wa mwaka 2017 mwanasheria mkuu wa Jimbo la New York alitangaza mapatano ambayo shule ilikubali kulipa dola 375.000. Shida ilikuwa nini? Ndani ya ile 98,5 walihesabu pia wanaojifunza kazi, wenye mkataba mfupi na wanaojitafutia kibarua, wengine kwa muda wa chini ya majuma 12. Na ule mshahara wa 74.447 ulihesabiwa kwa wale wa kazi ya kudumu peke yao, ambao walikuwa 58 kwa mia ya waliosomea darasani na 39 kwa mia ya waliosomea mbali. Msomaji aliweka namba mbili pamoja, akafikiri karibu wote wanapata 74.447. Hakuna mtu aliyemwambia kwamba namba hizo hazikuwa za watu wale wale.

BloomTech nayo ilitangaza kati ya 71 na 86 kwa mia, na hesabu yake ya ndani ilikuwa karibu 50, mara nyingine ikashuka mpaka 30. Mkubwa wake alitangaza hata 100 kwa mia kwa kundi moja. Kumbe kundi lile lilikuwa la mtu mmoja!

Sasa tufanye hesabu yetu wenyewe. Tuseme 20 wanaanza. Sita wanaacha njiani, 14 wanamaliza. Kisha miezi 6 wote 14 wanaulizwa, na 11 wanajibu. Kati ya hao 11, wawili wana kazi ya programu yenye mshahara wa kila mwezi. Watatu wanapata vibarua mara moja moja. Wawili wako katika staji bila malipo. Wawili wameingia yuniversite. Wawili hawana kitu.

Mwenye kutaka kupendeza anaangalia 11 waliojibu. Anajumlisha kazi, kibarua, staji na yuniversite: 9 kwa 11, ndiyo kusema 82 kwa mia «wamepata mwelekeo». Ndiyo ile lejandi ya mwanzo. Mwenye kusema kweli anahesabu wenye mshahara kati ya waliomaliza: 2 kwa 14, ni 14 kwa mia. Na mzazi ambaye anataka kujua habari ya mtoto anayeanza leo, hesabu yake ni 2 kwa 20, ndiyo 10 kwa mia. Darasa ni moja, mwaka ni mmoja. Kutoka 10 mpaka 82, tofauti iko tu katika kuchagua nani wa kuhesabu na kazi gani inaitwa kazi.

Kwa hiyo kila mara mnapoona «kwa mia», ulizeni maswali manne: Kwa mia ya nani, walioanza, waliomaliza ao waliojibu? Kazi gani? Kisha miezi mingapi? Na watu walikuwa wangapi? Katika darasa dogo ni heri kuandika watu wenyewe kuliko kwa mia.

Mshahara nao una mitego miwili. Wa kwanza ni neno «mpaka»: «mpaka dola 800» inasema tu kwamba hakuna anayepita pale. Wa pili ni mwayeni. Watu wanne wanapata dola 100, wa tano anapata 1.100. Jumla ni 1.500, mwayeni ni 300, na hata mmoja wao hapati 300! Yule anayesimama katikati ya mstari anapata 100. Huyo ndiye wa kuandika.

4. Lejandi yenyewe

Tukiweka yote pamoja, lejandi ya haki kwa darasa lile ingesomeka hivi:

«Mafunzo ya kuandika kurasa za mtandao (HTML, CSS, JavaScript) kwa waliomaliza sekondari. Majuma 12, siku ya kwanza, ya tatu na ya tano, saa nane mpaka saa kumi na moja: masaa 108. Wanafunzi 20, ordinateri 10. Umeme ukikatika, somo linarudishwa siku ya posho. Jumla dola 100: uandikishaji 10, minervali transhi 3 za dola 30, sertifika ndani. Usafiri na mega ni juu yako. Ukiacha mbele ya mwisho wa juma la 2, transhi inarudi. Kisha hapo hairudi. Mwaka uliopita walianza 20, wakamaliza 14. Kisha miezi 6: wawili wana kazi ya mshahara, watatu vibarua, wawili staji bila malipo, wawili yuniversite, wawili hawana kazi, watatu hawakujibu. Hatuahidi kazi. Kuja kuona kurasa walizotengeneza.»

Wako watakaosema: «Nani atajiandikisha akisoma hivi?» Ni kweli, wengine watarudi. Lakini atakayekuja atakuwa anajua kwamba anakuja kujifunza kazi, na mzazi wake atakuwa amepanga ile franka 72.000 ya taksi, ambayo ndiyo mara nyingi inafukuza mtoto katikati ya masomo.

Finalisti mwenye lejandi mkononi ailete bironi kwetu saa ya pumziko. Tutaisoma pamoja naye, na kalamu, mstari kwa mstari, mbele ya kulipa transhi ya kwanza.