Kutwa Mara Mbili: Kuisoma Lebo ya Dawa kwa Ajili ya Mgonjwa wa Nyumbani



Familia nyingi za pwani zilizohamia Nairobi huwaleta wazee wao mjini watibiwe. Mzee hukaa kwa mwanawe Kawangware, Kangemi au Riruta, akaenda kliniki siku ya miadi, na dawa zikiisha hununuliwa katika maduka ya River Road au yaliyo karibu na Msikiti wa Jamia. Anayezipokea na kumpa mgonjwa kila siku ni binti wa nyumba au mke wa mwana. Huyo ndiye tunayemwandikia leo, kwa kuwa lebo huandikwa kwa maneno machache mno, na machache hayo yana maana zisizolingana na tulivyozoea kuyatumia majumbani.

Natuchukue mfano wa bibi mwenye umri wa miaka 70, mwenye shinikizo la damu na kisukari. Kliniki imempa dawa mbili: enalaprili ya shinikizo na metfomini ya kisukari. Bahasha ya kwanza imeandikwa 2×1, ya pili 1×2. Tarakimu ya mbele ni idadi ya vidonge kwa kila mara, na ya nyuma ni idadi ya mara kwa siku. Kwa hivyo enalaprili ni vidonge viwili kwa mara moja tu, na metfomini ni kidonge kimoja, mara mbili. Mwenye kuzigeuza tarakimu hizi hupata jumla ile ile ya vidonge viwili kwa siku, lakini huwa amebadilisha tiba: atampa metfomini mbili kwa mkupuo tumbo likachafuka, na atakuwa hakufuata maagizo katika dawa yoyote.

Dozi

Katika mazungumzo yetu, dozi ni dawa yote tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho, ndiyo maana twaambiana "maliza dozi". Juu ya lebo, dozi ni kipimo cha mara moja. Na kipimo hicho hakihesabiwi kwa vidonge, bali kwa uzito wa dawa iliyomo ndani ya kidonge, unaoandikwa kwa miligramu.

Bibi yetu alipewa kliniki vidonge vya enalaprili vya miligramu 5, viwili kwa mara moja. Dozi yake, basi, ni miligramu 10. Vidonge vinapokwisha, binti anapita dukani mjini anapotoka kazini, anaitaja dawa kwa jina, na muuzaji anampa pakiti ya vidonge vya miligramu 10. Jina ni lile lile, na rangi ya kidonge huenda ikafanana. Binti akishika mazoea ya "viwili asubuhi", bibi atakunywa miligramu 20, maradufu ya alichoandikiwa. Ishara itakayojitokeza ni kizunguzungu, hasa anapoinuka kitandani au anaponyanyuka kutoka sijida, na wazee wengi huanguka kwa namna hiyo. Nyumbani itasemwa ni uzee, au ni baridi ya Nairobi.

Kinga yake ni nyepesi. Pakiti ya zamani isitupwe mpaka mpya ilinganishwe nayo, jina kwa jina na miligramu kwa miligramu. Jina la kulinganishwa ni la dawa yenyewe, lililoandikwa kwa herufi ndogo chini ya jina la kibiashara, kwa sababu viwanda tofauti huiuza dawa moja kwa majina tofauti. Miligramu zikihitilafiana, mfamasia aulizwe palepale: "Sasa ni kidonge kimoja au viwili?" Jibu aliandike juu ya bahasha.

Mara mbili kwa siku

Mfamasia akituandikia kwa Kiswahili huandika "kutwa mara mbili". Akitumia kifupisho cha kitabibu huandika BD. Maana ya zote mbili ni mara mbili ndani ya saa 24, na kwa kawaida ni kila baada ya saa 12 hivi.

Lakini kutwa katika lugha yetu ni mchana, tangu jua kuchomoza hadi kuchwa. Mtu hushinda kutwa shambani, na usiku wake hukesha kucha. Bibi aliyelelewa na Kiswahili hicho akisikia "kutwa mara mbili" ana haki ya kufahamu kwamba vidonge vyote viwili vinywewe kabla ya magharibi: kimoja kwa chai ya asubuhi na kimoja kwa chakula cha mchana. Hapo dozi mbili za metfomini hukaribiana kwa saa tano au sita, na chakula cha usiku hakipati dawa ya kukiandama. Sukari inayopimwa asubuhi itakuwa juu, na huenda daktari akaongeza dawa akidhani haimtoshi, hali ya kuwa tatizo lilikuwa neno moja.

Tena kuna saa. Karatasi ya kliniki ikisema 8 asubuhi na 8 usiku, hiyo ni saa mbili kwa hesabu yetu. Mjukuu aliyezaliwa mjini akiisoma tarakimu kama ilivyo, atamwambia nyanya yake "saa nane", na nyanya atangoja hadi baada ya adhuhuri. Karatasi ya dawa ibandikwe ukutani kwa saa za Kiswahili peke yake, zisichanganywe.

Nyumba ya Kiislamu ina njia nyingine iliyo wazi zaidi, nayo ni swala. Nairobi iko karibu na ikweta, mchana na usiku wake hukaribia kulingana mwaka mzima, hivyo baina ya alfajiri na magharibi hupita saa 13 hivi. Metfomini hunywewa pamoja na chakula ili isichafue tumbo. Kwa hiyo chai baada ya alfajiri na chakula baada ya magharibi ni vituo vyema. Ndugu zetu waliohamia Ulaya wasiige jambo hili, kwani kule magharibi ya majira ya joto huchelewa mno na ya baridi huwahi.

Dozi ikisahauliwa, hunywewa inapokumbukwa, isipokuwa wakati wa nyingine umekaribia. Hapo iliyopita huachwa. Haziunganishwi mbili kwa pamoja kulipia deni. Kadhaa ya swala haina kifani katika dawa.

Madhara, au athari?

Kila kikaratasi kilichokunjwa ndani ya pakiti kina orodha ya yale ambayo dawa huweza kuyaleta pamoja na tiba yake. Watu wengi huyaita madhara. Neno hilo asili yake ni dharari ya Kiarabu, nalo hutisha. Mlezi akiisoma orodha ndefu ya madhara huona sumu, akaifungia dawa kabatini. Sisi twaona "athari za pembeni" ni jina la haki zaidi, kwa sababu athari ni alama inayobaki, ndogo au kubwa. Kutajwa katika orodha maana yake ni kwamba jambo hilo limewahi kuwatokea baadhi ya watumiaji, si kwamba litamfika kila mmoja.

Kwa bibi yetu, athari inayojulikana sana ya enalaprili ni kikohozi kikavu, kisicho na makohozi wala homa, ambacho huweza kuanza wiki kadhaa au miezi baada ya kuanza dawa. Kwa kuwa kimechelewa, hakuna anayekihusisha na kidonge. Bibi atanunuliwa sharubati ya kikohozi, kisha antibaotiki, kisha tangawizi na asali, na kikohozi kitabaki pale pale. Kikohozi cha namna hii kielezwe kliniki pamoja na tarehe dawa ilipoanza. Daktari akiibadilisha kwa dawa ya jamii nyingine, kikohozi kwa kawaida huondoka ndani ya wiki chache. Dawa ya shinikizo isiachwe kwa uamuzi wa nyumbani kabla ya hapo, kwani shinikizo hupanda bila kupiga hodi.

Athari nyingine ya dawa hiyo hiyo ni adimu, nayo haingoji miadi: kuvimba midomo, ulimi au uso. Hapo kidonge kinachofuata hakitolewi, na mgonjwa hukimbizwa hospitali saa ile ile, kwa kuwa uvimbe ukishuka kooni huziba pumzi. Mlezi na azitenganishe athari katika mafungu mawili: za kueleza na za kukimbilia. Mfamasia akiombwa amwekee alama zile za kukimbilia, kazi hiyo ni ya dakika mbili.

Neno la marufuku

Katika kikaratasi hicho kuna kichwa kirefu cha Kiingereza kinachoanza na "kontra". Hicho ndicho cha kusomwa kwanza. Chini yake hutajwa watu ambao dawa hiyo haiwafai kabisa, kwa ugonjwa walio nao, kwa mimba, au kwa dawa nyingine wanazotumia. Ni tofauti na kichwa cha tahadhari, ambacho huruhusu dawa kwa uangalizi. Mfano wa marufuku ni enalaprili kwa mjamzito, kwani humdhuru mtoto tumboni. Binti mwenye mimba asionje dawa ya mamake eti shinikizo lake nalo limepanda.

Nyumbani, hatari huja zaidi kwa dawa isiyoandikwa na daktari. Bibi analalamika magoti, na mjukuu anatumwa dukani kuleta ibuprofeni, dawa ya maumivu inayouzwa bila cheti. Kikaratasi chake kinamkataza mwenye kidonda cha tumbo na mwenye figo au moyo uliodhoofika sana, na kinatahadharisha juu ya mwenye kutumia dawa za shinikizo. Ibuprofeni hupunguza damu inayofika kwenye figo, na enalaprili hugusa njia hiyo hiyo kwa upande mwingine. Ikiwa yupo pia katika dawa ya kukojoza maji, figo huweza kushindwa kwa siku chache. Figo zikidhoofika sana, metfomini nayo huingia katika marufuku. Dalili zake ni mkojo kupungua, miguu kuvimba, kichefuchefu na uchovu usio na sababu.

Kwa hivyo anayetumwa kununua dawa ya maumivu asitaje maumivu peke yake. Aseme: "Mgonjwa ni mzee, ana shinikizo na sukari, na hizi ndizo dawa zake," akazionyesha. Mara nyingi ataelekezwa kwenye parasetamoli, kwa kipimo chake. Aangalie pia kwamba duka lina leseni ya Bodi ya Famasia na Sumu mahali pa wazi na kwamba anayemhudumia ni mfamasia. Bodi hiyo ndiyo pia hupokea taarifa za dawa iliyomdhuru mtu.

Mwezi wa Ramadhani unapokaribia, karatasi ile ya ukutani ipelekwe kliniki kabla Shaabani haijesha. Dawa ya mara mbili huweza kuhamia futari na daku, lakini uamuzi wa kuhamisha, kupunguza au kutofunga kabisa ni wa daktari amjuaye mgonjwa, na sharia imekwisha kumpa mgonjwa ruhusa yake. Wabillahi tawfiq.