Presha imeshuka: mishipa au moyo?

Chukua mgonjwa wa kilo 60 mwenye maambukizi yaliyosambaa mwilini. Presha yake ni 80 kwa 35, lakini mikono ina joto. Mishipa yake imelegea, damu inapita bila msukumo wa kutosha. Anapewa maji ya mshipani, karibu lita 2, na presha bado iko chini. Hapo dawa ya kwanza ni noradrenalini. Hiyo hubana mishipa, na wastani wa presha, uliokuwa 50, unapandishwa hadi 65.

Saa chache baadaye mashine inaonyesha 65, lakini mikono imekuwa ya baridi na mkojo ni kidogo mno. Kwa maoni yangu, hapa ndipo namba hudanganya. Kipimo cha ultrasaundi kinaonyesha moyo unasukuma kwa unyonge. Kuongeza noradrenalini tu kungeuongezea moyo huo mzigo, maana ungesukuma damu kwenye mishipa iliyobanwa zaidi.

Basi noradrenalini inabaki, na dobutamini inaongezwa kidogokidogo. Hii huupa moyo nguvu ya kujikaza, ila hulegeza mishipa kiasi. Ikitangulia peke yake, presha inaweza kuporomoka. Pia huweza kuvuruga mapigo ya moyo. Dopamini, iliyopendwa zamani, huyavuruga zaidi ya noradrenalini. Vasopresini hubana mishipa kwa njia nyingine, nayo huongezwa noradrenalini inapoelemewa. Adrenalini hufanya kazi zote mbili, kubana mishipa na kuusukuma moyo.

Mkojo ukifika mililita 30 kwa saa na vidole vikipata joto, dobutamini huanza kupunguzwa.