Amonia itaongezeka au itavunjika?

Moli 1 ya naitrojeni na moli 3 za haidrojeni hutoa moli 2 za amonia: N₂ + 3H₂ ⇌ 2NH₃. Katika 673 K, kwa shinikizo la atm, Kp ni 0.000164. Ili kupata Kc, tumia Kp = Kc(RT)^Δn. Hapa Δn ni 2 − 4, yaani −2. Wengi hugeuza alama hiyo, na jibu huharibika kabisa. R ni 0.0821, hivyo RT ni takriban 55.2, na Kc = 0.000164 × 55.2² ≈ 0.5.

Sasa tuseme chomboni kuna naitrojeni 0.5, haidrojeni 1 na amonia 1, zote kwa moli kwa lita. Q = 1² ÷ (0.5 × 1³) = 2. Q imezidi Kc, kwa hiyo amonia itavunjika hadi Q ishuke kufikia 0.5.