Tone Moja la Ziada: Jinsi Kosa Dogo Linavyokua Katika Kuzimua Myeyusho

Kwenye miteremko ya Mlima Meru, mkoani Arusha, zipo chemchemi zenye maji maangavu yanayoonekana safi kabisa. Meno ya kahawia ya watoto waliokulia huko yanaeleza mengine. Maji hayo yamepita kwenye miamba ya volkano na kubeba floridi nyingi, ambayo haina rangi wala harufu. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania nayo, baada ya miaka mingi ya kuruhusu hadi miligramu 4, ilishusha kiwango chake hadi 1.5.

Kwa hiyo maji yaliyochujwa kwa mkaa wa mifupa, njia iliyofanyiwa kazi kwa muda mrefu katika kituo cha Ngurdoto, hupelekwa maabara ili yapimwe. Kifaa kinachotumika mara nyingi ni elektrodi ya floridi. Lakini elektrodi haijui miligramu. Inatoa milivolti tu, na ni mtaalamu anayeifundisha maana ya milivolti hizo kwa kuichovya kwenye miyeyusho ambayo ukolezi wake unajulikana. Miyeyusho hiyo ikiwa na kosa, kila kisima kitakachopimwa siku hiyo kitapewa jibu lenye kosa lile lile.

Kazi huanza na myeyusho mama. Chumvi ya sodiamu floridi hukaushwa kwenye tanuri, ikaachwa ipoe mahali pakavu, kisha hupimwa gramu 0.2210 kwenye mizani nyeti. Chumvi hiyo huyeyushwa kwa maji yaliyokenekwa ndani ya flaski ya ujazo ya lita 1, na maji huongezwa hadi kwenye alama. Hapo unapatikana myeyusho wa miligramu 100 za floridi kwa lita. Ili kupata miligramu 10, huvutwa mililita 10 za myeyusho mama kwa pipeti, zikatiwa kwenye flaski ya mililita 100, na maji yakajazwa hadi alama. Hatua hiyo hurudiwa kutoka 10 kwenda 1, na kutoka 1 kwenda 0.1.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini asivute mililita 1 moja kwa moja na kuizimua mara 100 kwa hatua moja. Jibu limo kwenye vyombo vyenyewe. Pipeti ya mililita 10 ya daraja A, kwa viwango vya kimataifa, inaruhusiwa kukosea kwa mililita 0.02, yaani asilimia 0.2. Pipeti ya mililita 1 inaruhusiwa mililita 0.008, ambayo ni asilimia 0.8. Flaski ya mililita 100 inaongeza asilimia 0.1. Hatua mbili za pipeti kubwa, hata makosa yote yakielemea upande mmoja, hufikia asilimia 0.6. Hatua moja ya pipeti ndogo inaweza kufika 0.9. Kufupisha safari kwa kutumia chombo kidogo hakupunguzi kosa.

Makosa hayo ya vyombo mara nyingi hupunguzana, kwa kuwa moja huelekea juu na jingine chini. Hatari kubwa ni mkono unaorudia kosa moja kila hatua. Chukua mfano wa tone linalobaki kwenye ncha ya pipeti. Pipeti za kawaida za ujazo mmoja zimetengenezwa kwa hesabu kwamba tone hilo libaki humo. Mtaalamu huigusisha ncha kwenye ukuta wa flaski, akaacha myeyusho ushuke wenyewe, kisha akaiondoa. Akilipuliza tone hilo, atakuwa ameongeza kama mililita 0.05, na badala ya mililita 10 atakuwa ametia 10.05.

Flaski ya kwanza itakuwa na miligramu 10.05 badala ya 10. Ya pili inatokana na ya kwanza, ikiwa na tone lake yenyewe juu yake, kwa hiyo itafika 1.010. Ya tatu itafika 0.1015. Kosa la nusu asilimia limekuwa asilimia moja na nusu, ingawa kila hatua ilifanywa kwa namna ile ile. Sasa maji ya kisima yenye miligramu 1.51 yakipimwa kwa miyeyusho hiyo, elektrodi itayasoma kuwa chini kidogo ya 1.50. Maji yaliyovuka kikomo yatapita.

Na elektrodi yenyewe haitalalamika. Katika nyuzi joto 25, milivolti zake hubadilika kwa karibu 59 kila ukolezi unapobadilika mara kumi. Kosa la tone moja kwa hatua huathiri tofauti hiyo kwa kama sehemu moja ya kumi ya milivolti, kiasi ambacho hakuna mtu atakayekigundua. Mstari kwenye grafu utanyooka vizuri, huku miyeyusho yote ikiwa imepotoka.

Makosa mengine hujitokeza wazi zaidi. Baya kuliko yote ni kutochanganya. Maji ya mwisho hukaa kwenye shingo nyembamba ya flaski, na asiyeipindua flaski juu chini mara kumi au zaidi, kizibo kikiwa kimeshikwa, atavuta sehemu isiyolingana na iliyobaki. Hapo vipimo vya flaski ile ile hurukaruka kila vinaporudiwa. Pipeti yenye matone ya maji ndani nayo huzimua kabla ya wakati, ndiyo maana husuuzwa kwanza kwa myeyusho utakaovutwa. Flaski inayopokea, kinyume chake, inaweza kuwa na maji yaliyokenekwa, lakini haisuuzwi kamwe kwa myeyusho.

Joto pia lina nafasi yake. Vyombo hivi hutengenezwa vikipimwa kwa nyuzi joto 20. Maji na vyombo vyote vikiwa kwenye joto moja la chumba, uwiano wa kuzimua hautetereki. Myeyusho mama ukitolewa kwenye friji kwa nyuzi 4 na kuvutwa moja kwa moja katika chumba chenye nyuzi 30, pipeti itabeba kwa uzito karibu asilimia 0.4 zaidi ya inavyopaswa. Inatosha kuuacha upate joto la chumba.

Ili mnyororo usirefuke, maabara nyingi huishia kwenye hatua moja, kisha hutoa matawi. Kutoka kwenye flaski ya miligramu 10 huvutwa mililita 5, 10, 15 na 20, kila moja kwenye flaski yake ya mililita 100, na kupata 0.5, 1.0, 1.5 na 2.0. Hakuna kati ya hizo inayorithi kosa la mwenzake, na zinazingira kile kikomo cha 1.5 kinachoulizwa. Baada ya kupimwa kwenye kioo, miyeyusho huhamishiwa kwenye chupa za plastiki, kwa kuwa floridi hushambuliana na kioo ikikaa humo muda mrefu.

Hata hivyo matawi yote yanategemea flaski ile ya miligramu 10. Ndiyo maana mtu wa pili hutengeneza myeyusho wake wa miligramu 1.5 kutoka kwenye chumvi ya chupa nyingine, kwa kupima upya kuanzia kwenye mizani. Ukisomwa kwa elektrodi iliyofundishwa na miyeyusho ya kwanza, unapaswa kutoa 1.5 ndani ya mipaka iliyokubaliwa na maabara. Usipotoa, hutafutwa pipeti. Mililita 10 za maji ya nyuzi 25 zikimiminwa nayo juu ya mizani zinapaswa kuwa na uzito wa karibu gramu 9.96, na aliyelipuliza tone atasoma kama gramu 10.01.