Ujumbe wa kliniki uhesabu kutoka wapi?

Nchini Tanzania, mtoto huchomwa pentavalenti akiwa na wiki 6, 10 na 14. Ujumbe wa simu wa kumkumbusha mzazi ukihesabiwa kutoka tarehe ya kuzaliwa pekee, hapo ndipo penye kasoro.

Chukua mtoto aliyezaliwa tarehe 3 Machi 2025. Dozi ya kwanza ni 14 Aprili, ya pili 12 Mei. Mama alisafiri msibani, akafika 28 Aprili. Ujumbe ukibaki kumwita 12 Mei, zitakuwa zimepita wiki mbili tu, ilhali kati ya dozi lazima zipite angalau nne. Muuguzi atamrudisha nyumbani, na mama aliyelipa nauli bure huenda asirudi tena. Tarehe sahihi ni 26 Mei, kisha 23 Juni.

Dozi aliyopata haipotei. Haanzi upya, hata akichelewa miezi. Surua-rubela nayo haisogei: miezi 9, yaani 3 Desemba, kisha miezi 18, ambayo ni rahisi kuisahau mtoto akiwa ameshaanza kutembea. Simu ikipingana na kadi, fuata tarehe aliyoiandika muuguzi.