Komprime ya asidi kwa ajili ya koo: uiwekee siku ya mwisho

Mu Lubumbashi wengi tunajua namna inaendaka. Mutu anakohoa-kohoa, sauti inakauka, anasikia sawa vile kitu kimekwama mu koo. Wanamwambia ni asidi ya tumbo inapanda, anapewa omeprazoli. Mwaka mzima unapita, angali anameza.

Hii dawa inapunguza asidi ya tumbo. Kiungulia inakisaidia muzuri, lakini koo ni maneno ingine. Mu Uingereza, wagonjwa 346 wa koo waligawanywa: wamoja walipewa lansoprazoli mara mbili kwa siku, wengine komprime isiyo na dawa. Matokeo yalitoka mu mwaka 2021: nyuma ya juma 16, makundi yote mawili yalipata nafuu karibu sawasawa. Kwa mutu asiye na kiungulia, koo inaweza kuwa inaumizwa na vumbi ya mugodi, tumbako, ao kupiga kelele karibu na mashini.

Tufikiri mufano wa muchimbaji mwenye kiungulia pamoja na koo. Dokta anamwandikia omeprazoli miligrama 20, asubuhi na magaribi. Anameza nusu saa mbele ya chakula, kwa maji, bila kuitafuna. Siku ileile anaandika tarehe ya mwisho: juma 8, isipite 12. Akitoka posti ya usiku, hakule bukari na kulala palepale. Anangoja saa tatu.

Kama tarehe imefika na koo haijabadilika, basi dawa si jibu. Kuongeza dozi hakutasaidia. Inafaa kutafuta sababu ingine.

Kuiacha kuna mutego wake. Tumbo ambayo ilizuiliwa inarudia kutengeneza asidi mingi kupita mbele. Mu Denimarki, watu wasio na ugonjwa walimeza dawa ya namna hii juma 8. Walipoiacha, 44 kwa 100 walisikia kiungulia ao asidi kupanda, na kwa wale wa komprime tupu ilikuwa 15 tu. Wengi wakisikia vile wanasema: «Munaona, ugonjwa umerudi!» Kumbe ni kule kuacha tu, na mara nyingi kunapita mu juma chache.

Kwa hiyo muchimbaji wetu anashuka pole pole: juma mbili anameza moja ya asubuhi tu, juma mbili zingine moja kila siku ya pili, kisha anaacha. Kiungulia kikimusumbua, anatumia dawa ya kutuliza asidi ya kutafuna, siku ile tu.

Lakini mwenye kupata kidonda cha tumbo, ao mwenye kumeza dikolofenaki ao asipirini kila siku, asiache bila kuuliza dokta. Na sauti ikikauka kupita juma tatu, chakula kikikwama, damu ikitoka, uvimbe ukionekana mu shingo ao mwili ukikonda, usingoje ile tarehe: enda ku lopitali, dokta wa koo aangalie ndani.